Mwenye Hisa Mdogo Hutozwa kwa Kipimo cha Tajiri

Kila kampuni inapolipa gawio, vyumba vya walimu katika mji wetu wa Nakuru husikika manung'uniko yale yale: mbona pesa zimekatwa? Makato yanayonung'unikiwa ni asilimia 5, kwa kuwa ndiyo yaliyoandikwa katika stakabadhi. Yale makubwa, ambayo ndiyo yanayostahili kulalamikiwa, hayakuandikwa popote.

Na tuchukue mfano wa hapa kwetu. Kampuni ya KenGen huchimba mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, na mwaka 2006 Serikali iliuzia umma asilimia 30 ya hisa zake kwa shilingi 11.90 kila moja. Tuseme yuko mwalimu mstaafu wa Njoro aliyebaki na hisa 10,000. Kwa mwaka wa fedha ulioisha Juni 2024, gawio lilikuwa senti 65 kwa hisa. Haki yake ikawa shilingi 6,500. Zikakatwa 325, akapokea 6,175.

Je, hizo 6,500 zilitoka wapi? Zilitoka katika faida, na faida ya kampuni hutozwa kodi ya asilimia 30 kabla ya mwenye hisa kuonjeshwa. Tukichukulia kwamba faida hiyo ilitozwa kodi kamili, basi nyuma ya shilingi 6,500 za gawio palikuwa na faida ya 9,286, na Serikali ilikuwa imekwisha kuchukua 2,786. Ukijumlisha na zile 325, kodi yote ni 3,111, yaani shilingi 33 na nusu katika kila mia.

Huu ndio mfumo wa kutoza mara mbili. Msingi wake ni kanuni ya kisheria kwamba kampuni ni mtu mmoja na mwenye hisa ni mtu mwingine, hivyo kila mmoja ana kodi yake. Mfumo huo ukifuatwa bila huruma, gawio huunganishwa na mapato mengine ya mwenye hisa na kutozwa kwa kiwango chake binafsi. Meneja anayetozwa asilimia 35, kiwango cha juu kabisa nchini, angebakiwa na shilingi 45 na nusu tu katika mia ya faida. Yamkini ndiyo sababu wakurugenzi hupenda kukopa kuliko kuuza hisa, maana riba ya mkopo hutolewa katika hesabu kabla ya kodi ya kampuni, ilhali gawio hulipwa baada yake.

Kenya ililegeza ukali huo kwa njia nyepesi: mkazi hukatwa asilimia 5 ya gawio, na hapo kodi yake imekwisha. Hahitaji kulijumuisha gawio hilo na mapato yake mengine. (Vyama vya msingi vya ushirika vina njia nyingine: gawio la wanachama hutolewa kwanza katika mapato, ndipo kodi ya chama ikokotolewe. Vyama vya akiba na mikopo vina kanuni zao, na havimo katika mjadala huu.)

Njia hiyo nyepesi imemfaa nani? Meneja ameokolewa kutoka kodi ya shilingi 54 na nusu hadi 33 na nusu. Hata mshahara wake wa juu hutozwa zaidi ya hapo. Mstaafu wetu, ambaye tuseme hana mapato mengine ya kutozwa kodi, hangelipa hata senti moja kwa shilingi 9,286, kwani nafuu ya kila Mkenya humkinga mwenye mapato yasiyozidi 288,000 kwa mwaka. Hata hivyo, naye ametozwa 33 na nusu kwa mia. Mwenye mamilioni na mwenye elfu sita wamepimwa kwa kibaba kimoja, na ni mmoja tu aliyepata afueni.

Australia ilikabili tatizo hili mwaka 1987, na Nyuzilandi ikafuata mwaka 1988, kwa kumhesabia mwenye hisa kodi ambayo kampuni imekwisha kulipa. Dhana yake ni hii: kodi ya kampuni ni malipo ya awali yaliyotolewa kwa niaba ya mwenye hisa. Kampuni inapotoa gawio la 70, humpa pia hati inayosema kwamba 30 zimekwisha kulipwa. Mwenye hisa hutangaza mapato ya 100, hukokotoa kodi yake kwa kiwango chake, kisha huondoa zile 30. Akidaiwa zaidi huongeza. Nchini Australia, tangu Julai 2000, akidaiwa pungufu hurudishiwa fedha taslimu.

Turudi kwa watu wetu wawili, kila mmoja na hisa 10,000. Mstaafu angetangaza 9,286, kodi yake ingekuwa sifuri, naye angerudishiwa 2,786 juu ya gawio lake, bila makato yoyote. Meneja angedaiwa asilimia 35, yaani 3,250. Angeondoa 2,786, aongeze 464, na abakiwe na 6,036. Hiyo ni pungufu ya 6,175 anazopokea leo. Faida ile ile ingetozwa mara moja, kila mtu kwa kadiri yake.

Wapo watakaodai kwamba hesabu hizi ni ngumu mno kwetu. Dai hilo halina mashiko, kwa sababu tulikuwa nazo. Hadi mwisho wa mwaka 2018, sheria iliilazimu kila kampuni kuweka akaunti ya kodi ya gawio. Kodi iliyolipwa iliingizwa upande mmoja, na upande wa pili iliandikwa sehemu ya 30 kwa 70 ya kila gawio. Pengo likionekana, kampuni ililipa kodi ya fidia. Ni kanuni ile ile ya Australia! Tofauti ni kwamba sisi tuliitumia kulinda hazina pekee, na mwenye hisa hakupewa hati yoyote. Tangu Januari 2019 akaunti hiyo imeondolewa, na gawio linalotoka katika faida isiyolipiwa kodi huitozesha kampuni asilimia 30 moja kwa moja.

Pengo hilo si nadharia tupu. Kampuni inayonunua mitambo mikubwa huruhusiwa kuondoa gharama yake katika mapato, hivyo inaweza kuwa na faida vitabuni na isidaiwe kodi. Kwa hiyo hati inayotolewa lazima itaje kodi iliyolipwa kweli, wala si ile iliyokisiwa kutokana na gawio. Vinginevyo Serikali itarudisha fedha isizopokea.

Kikwazo kigumu zaidi ni kurudisha fedha kwenyewe. Wafanyabiashara wanaosubiri kurudishiwa kodi ya ziada ya thamani wanajua jinsi mlango huo unavyofunguka kwa taabu. Aidha, huko Australia wastaafu matajiri, ambao pensheni zao hazitozwi kodi, walianza kupokea marejesho makubwa. Chama cha Leba kilipoahidi kuyakomesha kilishindwa katika uchaguzi wa Mei 2019. Haki ikishatolewa bila mpaka, kuipunguza ni kazi.

Kwa hivyo sipendekezi tuuchukue mfumo wao mzima. Asilimia 5 na ibaki kwa walio wengi. Lakini mwenye hisa ambaye mapato yake yote, pamoja na faida iliyo nyuma ya gawio, hayafiki 288,000 aruhusiwe kuchagua kuhesabiwa kodi ya kampuni, na marejesho yawekewe kikomo, tuseme shilingi 10,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo liko jambo moja linaloweza kufanywa hata mwaka huu: kampuni ziamriwe kuandika katika stakabadhi ya gawio, kando ya zile 325 za mstaafu wetu, kiasi cha kodi kilicholipwa juu ya faida iliyolizaa gawio hilo.