Kabla ya kununua choo, pima shimo

Juma hili tunaongea juu ya choo cha kukalia, kile cha kumwagia maji. Mama mmoja wa kundi letu alipokea likelemba, akanunua choo kipya sababu kile cha zamani kilipasuka. Alichagua rangi, akachagua kifuniko, akabishana bei vizuri. Nyumbani, fundi aliondoa kile cha zamani, akaleta kipya, na kikakataa kuingia. Tangi la maji liligonga ukuta, na mdomo wa choo ulibaki mbele ya shimo, karibu upana wa kiganja. Muuzaji akakataa kukirudisha kwa sababu kilikuwa kimekwisha kupakwa simenti.

Kosa lilikuwa la kipimo kimoja tu: umbali kutoka ukuta mpaka katikati ya shimo la tiyo. Kwake ni santimeta 22. Choo alichonunua kilitengenezwa kwa santimeta 30, nacho ni kipimo kinachoonekana sana kwenye vyoo vya China. Kwenye katoni wanaandika milimeta 300, kwa hiyo ni rahisi kupita bila kuelewa.

Jinsi ya kupima: shika meta, anzia kwenye ukuta wenyewe, si kwenye ule ukanda wa karo unaotokeza chini. Fika katikati ya shimo, si ukingoni. Kama ukuta haujawekwa karo bado, toa santimeta 2 au 3, sababu karo na simenti yake vitakula nafasi hiyo. Fundi wengine wanapimia kwenye buloni za choo cha zamani. Kwetu hatuziamini sana, maana mara nyingi zimefungwa penye mguu wa choo tu, hazilingani na shimo. Ni afadhali kukiondoa kwanza.

Halafu nenda dukani na meta yako. Omba choo kilazwe, tangi likiwa mahali pake, upime toka mgongo wa tangi mpaka katikati ya mdomo wa chini. Namba hiyo iwe sawa na ya nyumbani, ao ipunguke kidogo. Ikipunguka, kutabaki nafasi nyuma ya tangi, na choo kitafanya kazi. Ikizidi, usinunue. Kuna tiyo iliyopinda ya kusogeza, lakini inaokoa santimeta chache tu, na uchafu unapenda kukwama pale.

Angalia pia kama tiyo yako inaingia chini ao ukutani. Choo kinachotolea nyuma hakiingii moja kwa moja kwenye shimo la chini.

Mama yetu alimuuzia choo chake jirani anayejenga, kwa hasara. Jirani aliweka shimo lake kwenye santimeta 30. Yeye alipata kingine cha 20, na nyuma ya tangi vidole viwili vinapita.