Hongera isiyo na masimbulizi

Dada zangu, mtoto wa mama mdogo kamaliza stashahada ya uuguzi Mwanza, na sehemu ya ada yake ilitoka kwenye vyerehani vyetu hapa Bariadi. Januari tunashona sare za shule, na pamba ikishauzwa wateja wanaleta vitenge. Kila muhula tulikuwa tunachanga na kutuma. Sasa ni siku ya kumpongeza, na hapo ndipo wengi wetu tunateleza.

Sikilizeni ujumbe uliowekwa kwenye kundi la familia: "Hongera mdogo wetu, jasho letu halikwenda bure, usitusahau ukianza kazi." Aliyeuandika alikuwa na furaha ya kweli. Lakini hesabuni: neno moja la hongera, kisha jasho letu, kisha deni. Tena mbele ya mashangazi na wajomba wote. Hayo ni masimbulizi, hata yakiwekewa maua na vikofi. Katika Suratul Baqara, aya ya 264, Mwenyezi Mungu anatukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Ada imeshalipwa na risiti ipo, lakini thawabu bado inaweza kumwagika kwa sentensi moja.

Kwa maoni yetu, pongezi itaje alichofanya yeye. Sisi tulimwandikia hivi: "Mashallah, mdogo wetu. Zamu za usiku wodini, mtihani ulioupata mara ya pili bila kukata tamaa, yote tuliyaona. Allah akubariki katika kazi yako." Ada haimo, na yeye anajua nani alilipa. Mkituma kwa sauti, angalieni zaidi, maana kicheko kidogo kwenye "daktari wetu wa vyerehani" kinaweza kumchoma kuliko maandishi. Mshereheshaji naye aambiwe mapema asisome majina ya waliochangia.

Mtauliza, je, kama ilikuwa mkopo? Basi ni jambo jingine. Surat hiyohiyo, aya ya 282, inatuamrisha deni liandikwe, kwa hiyo lilitakiwa lielezwe kabla ya kutoa pesa. Kama mlikubaliana, mkumbusheni faraghani baada ya ajira, msimwekee kwenye pongezi. Kama hamkukubaliana, hamna deni la kudai leo. Kutamani aje awasomeshe wadogo zake si vibaya, ila ombi hilo lingoje mshahara wa kwanza, naye awe na nafasi ya kusema hapana.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Yeye mwenyewe akisema, "Dada, bila nyie nisingefika," msimkatize kwa "aah, si kitu." Anataka kushukuru, na kumzuia ni kumwachia mzigo. Mwacheni amalize, mpokee shukrani, kisha mseme: "Riziki ilitoka kwa Allah, mitihani umefanya wewe." Halafu mwulizeni anaripoti kazini lini, na sare yake tumshonee saizi gani.