Neno Lililovuka Mstari

Wiki hii tumeletewa daftari na mama mmoja wa mtaani petu. Mwanawe alikuwa amepewa kifungu cha kujaza mapengo, naye mama alipokisahihisha nyumbani akampa alama 2 katika 4. Mtoto akalia, akashikilia kuwa jawabu la mwisho alilipata. Tulivaa miwani tukakitazama kifungu pamoja.

Kifungu kilikuwa hivi: «Jumamosi mama alituamsha mapema (1) twende sokoni. Tulikuta samaki (2) wamepangwa mezani. Mama alinunua changu wawili (3) tui la kuwapaka lilikuwa tayari nyumbani. Aliwaweka ndani (4) kikapu.» Maagizo yalitaka kila pengo lijazwe kwa neno moja tu.

Pengo la kwanza mtoto aliandika «ili», la pili «wengi». Hayo yalikuwa wazi. Pengo la tatu lilikuwa mwisho wa mstari, nalo ni jembamba. Mtoto akaandika «kwa», akakosa nafasi, akateremka na kuandika «sababu» chini yake. Bahati mbaya, chini yake ndipo lilipokuwa pengo la nne, ambamo alikuwa amekwisha kuandika «ya». Mama akasoma pengo la tatu «kwa», akalikosoa. Akasoma la nne «sababu ya», akalikosoa pia. Jicho lilidanganyika kwa urahisi, kwa kuwa maneno hayo mawili yamezoea kuandamana.

Tulipouliza mkono ulianzia wapi, mambo yalifunguka. Neno ni la pengo lile ambamo herufi yake ya kwanza imekaa, wala si la pale mkia wake ulipoishia. «Ya» lilikuwa limeketi barabara juu ya mstari wa pengo la nne, ilhali «sababu» lilining'inia katikati ya mistari miwili, halina mstari wake. Basi tukalirudisha kwa «kwa», likawa «kwa sababu». Maana ilikuwa sahihi, lakini ni maneno mawili, na maagizo yalitaka moja, kama «kwani». Pengo la tatu likabaki kosa, la nne likapata alama yake. Haki ya mtoto ilikuwa 3: si 2 za mama, wala si 4 alizozitarajia mwenyewe.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, kabla ya kutia alama yoyote, hesabuni mapengo na muyape nambari kwa penseli. Kisha kila jawabu lipeni nambari ya pengo lake kwa kufuata linapoanzia. (Kazi ya Kiarabu kutoka madrasa, mwanzo ni upande wa kulia.) Yakizidi majawabu au yakipungua, jueni kuna neno lililokatika au lililohama. Kupanga kwanza, kuhukumu baadaye: anayefanya yote mawili kwa pamoja humwadhibu mtoto mara mbili kwa kosa moja.

Upo pia mtego wa upande wa pili. Mkia wa herufi ya mstari wa juu unaposhuka na kugusa jawabu la chini, «wa» huweza kuonekana «ya». Nasi kwa kuwa tunalijua jawabu, macho husoma tunalolitaka. Dawa yake ni kutafuta mahali pengine mtoto alipoandika «y» na «w» bila msongamano, tuzilinganishe herufi hizo na ile yenye shaka. Mwandishi ni yuleyule, na kwa kawaida mkono wake hurudia umbo lake. Tukimuuliza mtoto, tumwambie tu, «Tusomee ulichoandika,» tena tukiwa tumefunika maneno ya kando kwa karatasi. Akiyaona maneno hayo atajisahihisha kwa mdomo, nasi tutampa alama ya jawabu ambalo hakuliandika.

Mwandiko wenyewe nao una tiba. Mtoto anayevuka mstari aandike majawabu yake pembeni, moja chini ya jingine, kila moja na nambari yake. Akikosea, apige mstari mmoja juu ya neno na kuliandika upya kwa usafi, asirundike herufi juu ya herufi. Nasi tunapomtungia zoezi, tuache mapengo marefu yanayolingana, maana pengo fupi humfinya aandikaye, na mapengo yasiyolingana humdokezea urefu wa jawabu.

Haya tunayasema kwa sababu nyumbani yupo mama wa kurejewa daftari likiwa mkononi. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, kifungu cha namna hii kina alama 10, na msahihishaji hamjui mtoto wala hawezi kumwita amsomee.

Yule mama alifuta 2 akaandika 3, kisha akamwonyesha mwanawe lile kosa la maneno mawili. Mtoto alilikubali bila machozi, kwa kuwa safari hii lilikuwa kosa lake kweli.