Cheo Kimeshuka, Kazi Je?

Mwandishi mmoja alidai kwamba anayeomba cheo cha juu akapewa cha chini ashukuru na kusaini, lakini hakuuliza kama kazi yenyewe imepungua.

Chukua mhasibu wa Nairobi aliyeomba uhasibu mkuu. Anapewa uhasibu wa kawaida, na kuambiwa kwa mdomo, "Utapanda baada ya miezi sita." Akisoma majukumu, bado ndiye atakayefunga hesabu za mwezi na kusimamia wenzake wawili. Vilivyoshuka ni cheo na mshahara tu!

Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataka maelezo ya kazi na malipo yaandikwe. Basi na ahadi ya kupanda iandikwe, pamoja na vigezo vyake.

Majukumu yakiwa madogo kweli, ajadiliane. Ila aulize kwanza kama nafasi aliyoiomba bado iko wazi.