Dhahabu ilipanda mara mbili, lakini si kwa sababu moja

BEI ya dhahabu ilipovuka dola 4,000 za Marekani kwa wakia moja, Oktoba 2025, wachambuzi wengi walirejea kwenye kumbukumbu mbili: kupanda kwa bei hiyo miaka ya 1970 na kupanda kwake tena baada ya mwaka 2000. Mara nyingi vipindi hivyo husimuliwa kana kwamba ni pacha. Ukweli ni kwamba vilisukumwa na nguvu tofauti, vikafika Tanzania katika mazingira tofauti, na tofauti hiyo inaonekana hata kwenye mito inayoshuka kutoka Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro.

Kipimo chepesi cha kuanzia ni gramu moja, kiasi ambacho mchimbaji mdogo anaweza kukipata kwa kuosha mchanga wa mtoni. Mwaka 1971 gramu hiyo ilikuwa na thamani ya dola moja na senti chache, yaani takriban shilingi 8 kwa kiwango rasmi cha wakati ule. Januari 21, 1980, siku bei ilipofika dola 850 kwa wakia mjini London, gramu ilifikia dola 27, au shilingi zipatazo 220. Mwaka 2001 gramu moja ilikuwa dola 8, takriban shilingi 7,000. Septemba 2011 ilikuwa imefika dola 61, sawa na karibu shilingi 100,000.

Kwa hesabu ya dola, kupanda kwa kwanza kulikuwa zaidi ya mara 24 na kwa pili zaidi ya mara saba. Hata hivyo, ni kule kwa pili kulikowafikisha watu wengi mitoni.

Bei iliyofunguliwa kifungo

Dhahabu ya mwaka 1971 haikuwa na bei ya soko kwa maana ya kawaida. Tangu makubaliano ya Bretton Woods ya mwaka 1944, Marekani iliahidi kuzipa benki kuu za nchi nyingine wakia moja kwa kila dola 35. Kadiri dola zilivyoenea duniani kuliko dhahabu iliyobaki kwenye hazina ya nchi hiyo, ahadi ikawa nzito. Agosti 15, 1971, Rais Richard Nixon aliivunja, na mwaka 1973 sarafu kubwa zikaachwa zielee.

Kwa hiyo sehemu ya kupanda kule ilikuwa sawa na maji yaliyozuiwa na boma kwa miaka mingi kisha boma likabomoka. Bei ilikuwa inafidia robo karne ya kufungwa. Jambo hilo hutokea mara moja tu, na halikuweza kujirudia baada ya mwaka 2000, kwa kuwa dhahabu ilikuwa tayari huru.

Nguvu ya pili ilikuwa mfumuko wa bei. Mafuta yalipanda takriban mara nne kati ya mwisho wa mwaka 1973 na mwanzo wa mwaka 1974, yakapanda tena baada ya mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979. Mwaka 1974 bei za bidhaa nchini Marekani zilipanda kwa wastani wa asilimia 11, huku hati fupi za serikali zikitoa riba isiyofika asilimia 8. Aliyetunza dola alikuwa akipoteza kila mwaka hata baada ya kulipwa riba. Dhahabu haizai riba, lakini katika hali hiyo kutozaa hakukuwa hasara.

Ndiyo maana kilichoua kupanda kule kilikuwa riba. Paul Volcker, aliyeanza kuiongoza Benki Kuu ya Marekani Agosti 1979, aliacha riba ipande hadi karibu asilimia 20, juu kabisa ya mfumuko wa bei. Katikati ya mwaka 1982 wakia moja ilikuwa imeanguka chini ya dola 300.

Kupanda bila mfumuko

Anayetumia ufunguo huo huo kuifungua miaka ya 2000 atakuta mlango hauitiki. Kati ya mwaka 2001 na 2011 mfumuko wa bei nchini Marekani ulikuwa wastani wa asilimia mbili na nusu hivi. Hakukuwa na kitu cha kufanana na mwaka 1974, lakini bei ilipanda karibu kila mwaka kwa muongo mzima.

Sababu ya kwanza ilikuwa upande wa wauzaji, na Tanzania ilikuwa ndani ya kisa hicho. Miaka ya 1990 benki kuu za Ulaya zilikuwa zikiuza dhahabu yao na kuikopesha. Makampuni ya migodi yalitumia mikopo hiyo kuuza mapema dhahabu iliyokuwa bado ardhini: dhahabu ya kukopa iliuzwa leo, na deni lingelipwa kwa uzalishaji wa miaka ijayo. Kila mauzo ya namna hiyo yaliongeza dhahabu sokoni na kuishusha bei zaidi. Julai 1999, Uingereza ilipoanza kunadi akiba yake, wakia ilianguka hadi takriban dola 253.

Septemba 26, 1999, benki kuu 15 za Ulaya zilitangaza mjini Washington kwamba zingeuza tani zisizozidi 400 kwa mwaka katika miaka mitano iliyofuata, na kwamba hazingeongeza ukopeshaji. Bei iliruka kwa siku chache hadi zaidi ya dola 320. Kampuni ya Ashanti Goldfields ya Ghana, iliyokuwa ikijenga mgodi wa Geita, ikajikuta taabani kwa sababu mikataba yake ya mauzo ya mbele ilikuwa imewekwa kwa kutegemea bei ndogo. Mwaka 2000 iliuza nusu ya Geita kwa AngloGold ya Afrika Kusini.

Funzo la Ashanti lilienea. Katika miaka iliyofuata makampuni yakaanza kulipa madeni yao na kununua tena mikataba ile, hadi Barrick, iliyofungua Bulyanhulu mwaka 2001, ilipomaliza kufunga ya kwake mwaka 2009. Muuzaji mkubwa wa jana akawa mnunuzi.

Sababu ya pili ilikuwa wanunuzi wapya. China ilifungua soko la dhahabu la Shanghai mwaka 2002. Novemba 2004 ulianzishwa New York mfuko ambao hisa zake huwakilisha dhahabu iliyohifadhiwa ghalani, hivyo mtu wa kawaida akaweza kununua dhahabu bila kuigusa. Mwaka 2009 India ilinunua tani 200 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na kuanzia mwaka 2010 benki kuu kwa jumla zikawa zinanunua kuliko kuuza.

Uzi mmoja tu unaviunganisha vipindi vyote viwili: riba iliyo chini ya mfumuko wa bei. Mwaka 2003 riba ya Benki Kuu ya Marekani ilishushwa hadi asilimia moja, na Desemba 2008, baada ya mabenki kuyumba, hadi karibu sifuri. Pengo lilikuwa dogo kuliko la mwaka 1974, lakini lilidumu. Tofauti ni kwamba miaka ya 1970 pengo lilitokana na bei za bidhaa kukimbia, na baada ya 2000 lilitokana na riba kushushwa.

Mlango uliofungwa, mlango uliofunguliwa

Kupanda kwa kwanza kulipita juu ya Tanzania. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 uchimbaji mkubwa ukawa kazi ya umma, na Shirika la Madini la Taifa liliundwa mwaka 1972, lakini dhahabu iliyopita mikononi mwa serikali ilikuwa kidogo mno. Mchimbaji aliyelipwa kwa kiwango rasmi cha shilingi hakuiona bei ya London. Nchi ikailipia ile bei ya mafuta iliyoipandisha dhahabu, bila kuwa na dhahabu ya kuuza.

Mlango ulifunguliwa miaka ya 1980, wachimbaji wadogo waliporuhusiwa, na kufuatiwa na ununuzi wa Benki Kuu ya Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990 kisha Sheria ya Madini ya mwaka 1998. Hapa kuna jambo linalosahaulika. Geita ilianza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, bei ikiwa karibu na chini kabisa. Migodi mikubwa ilivutwa na sheria na ukubwa wa mashapo. Walioitikia bei kwa haraka ni wachimbaji wadogo, kwa kuwa mtaji wao ni sululu, koleo na karai.

Mwishoni mwa mwaka 2003 na mwanzoni mwa 2004 maelfu ya watu walivamia Sakale, katika Milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga. Uluguru, iliyo katika safu hiyo hiyo ya Tao la Mashariki, nayo haikusalimika, kwani uchimbaji haramu wa mtoni uliripotiwa humo katika miaka hiyo.

Dhahabu ya mtoni hutoka kwenye mishipa ya miamba inayomomonyoka. Kwa kuwa ni nzito, hutulia pale maji yanapopungua kasi, kwenye kona za mto na juu ya mwamba wa chini. Ili kuifikia, wachimbaji hupindua kingo, hukata miti iliyoshika udongo na kuosha tope papo hapo. Wanaotumia zebaki kukamata chembe ndogo huiacha sehemu yake majini, na nyingine huipeperusha hewani wanapochoma.

Alama ya kwanza ni rahisi kuiona: mto unaokuwa na tope wakati wa kiangazi, pasipo mvua milimani. Tope hilo haliishii kijijini. Mto Ruvu, unaoanzia Uluguru, ndio tegemeo kubwa la maji la Dar es Salaam, na kila mzigo wa udongo hufika kwenye mitambo ya kusafishia na kuongeza gharama zake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni huja na kuondoka, na mwenyeji hubaki na mto uliochimbuliwa.

Kipi kinafanana na sasa?

Baada ya kilele cha mwaka 2011 bei ilishuka hadi takriban dola 1,050 Desemba 2015, kisha ikapanda tena. Kupanda huku kwa tatu kumebeba zaidi sura ya kipindi cha pili. Tangu mwaka 2022, baada ya akiba za Urusi kuzuiwa na nchi za Magharibi, benki kuu zilinunua zaidi ya tani 1,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu mfululizo. Tanzania yenyewe imo: tangu Oktoba 2024 wauzaji wa dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya Benki Kuu.

Hilo ndilo lenye uzito kwa Morogoro. Kama bei ingebebwa na mfumuko pekee, riba moja kali kama ya Volcker ingeweza kuwarudisha wachimbaji nyumbani. Ikiwa inabebwa na wanunuzi wa serikali wasiojali riba, shinikizo kwenye mito linaweza kudumu kwa miaka. Mamlaka zinazolinda msitu wa Uluguru na bonde la Ruvu zikipanga doria kwa kungoja bei ianguke, zitakuwa zimejiandaa kwa miaka ya 1970.