Kengele ya presha ya mimba: haki ipi?

Leo tuongelee zile programu za kompyuta zinazosoma taarifa za kliniki na kukisia nani atapata presha ya mimba, ile inayoweza kuishia kifafa cha mimba. Ukiambiwa "imepimwa, ina haki kwa wote," uliza: haki ipi?

Tuchukue mfano. Namba ni zangu, nimezikuza ili hesabu iwe nyepesi. Tuna kina mama 100 wa mimba ya kwanza na 100 waliokwisha kuzaa. Presha hii huwapata zaidi wa mimba ya kwanza, basi tuseme wataugua 20 kule na 10 huku.

Programu inawagundua 16 kati ya wale 20, na 8 kati ya wale 10. Asilimia 80 pande zote. Wataalamu wanaita usawa wa fursa: kama kweli utaugua, nafasi yako ya kugundulika ni ileile, uwe kundi lolote. Kengele za bure nazo ziko sawa, asilimia 10 ya wazima: 8 kati ya 80, na 9 kati ya 90.

Sasa hesabu kengele zenyewe. Mimba ya kwanza zimelia 24, za kweli 16, yaani mbili katika kila tatu. Kwa waliokwisha kuzaa zimelia 17, za kweli 8, hata nusu hazifiki! Mama wa watoto watatu anaitwa kliniki kila wiki, wanawe anawaacha kwa jirani, na pengine hana tatizo lolote.

"Si mzisawazishe tu?" Haya. Ili kwao pia kengele mbili katika tatu ziwe za kweli, na wale 8 wasipotee, za bure zishuke kutoka 9 hadi 4. Hapo wazima wao wanaoshtuliwa bure ni kama asilimia 4, wa mimba ya kwanza bado asilimia 10. Lawama imehamia upande wa pili. Tena ukiifanya programu iwe ngumu kulia, mara nyingi unawapoteza na wagonjwa wenyewe.

Huu si uzembe wa fundi. Mwaka 2016 na 2017 watafiti walithibitisha kwa hesabu: ugonjwa ukiwa mwingi kundi moja kuliko jingine, na programu ikawa inakosea japo kidogo, haki zote hizi haziwezi kutimia pamoja. Lazima mtu achague.

Mimi kwa presha ya mimba nachagua usawa wa fursa. Aliyeshtuliwa bure tutampima tena presha na mkojo. Aliyepitwa anaweza kuletwa usiku akiwa anadegedeka. Ila tumwambie kila mama ukweli wa kengele yake ina uzito gani.

Na jambo moja: ile asilimia 80 huhesabiwa kwa wagonjwa walioandikwa tu. Mama aliyeugua akajifungulia nyumbani hayumo kwenye hesabu. Kwa hiyo uliza pia: wa kundi langu mliwahesabu wangapi?