Namba Inapanda, Dawa Inashuka

Hapa Makere, kwenye barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, namba ya dawa haimshindi mtu kuisoma. Mama anayeingia duka la dawa muhimu kununua parasetamoli anajua kuwa 500 ni ya mtu mzima, na kwamba mtoto hupewa chini ya hapo. Namba ikikua, dawa imeongezeka.

Kichupa kilicho mezani kwangu kinaivunja kanuni hiyo. Ni kifupi kama kidole gumba, kimejaa punje nyeupe ndogo kama mtama, na ukikifungua kinatoa harufu hafifu ya spiriti. Lebo yake inasema: China Off. 30C. Kililetwa na jamaa aliyetoka mjini, akatuambia ni cha malaria. Shangazi alikigeuzageuza mkononi, kisha akaniambia: "Mwanangu, thelathini hii si ndogo? Mwambie akirudi atuletee ile ya mia mbili, ndiyo kali."

Shangazi hakukosea kufikiri. Lebo ndiyo iliyompotosha. Swali langu ni hili: je, kichupa cha namna hii kiuzwe kwetu kama kilivyo, kikiwa na herufi ambazo mnunuzi hana njia ya kuzijua?

Tuanze na jina. China hapa si nchi. Ni jina la kale la kina, gome la mti wa mkwinini unaotoa kwinini. Wakongomani wengi walioko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa hapa jirani mwaka 1996, wametoka Kivu Kusini, na huko Kivu mti huo umelimwa kwa miaka mingi. Kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimetengeneza kwinini kutokana na magome yake. Na ndio mti ulioizaa homeopathia, fani iliyokitoa kichupa hiki. Mwaka 1790 daktari Mjerumani Samuel Hahnemann alimeza gome hilo akiwa mzima, akahisi dalili zilizofanana na homa. Akahitimisha kwamba kinachomtia mzima dalili fulani humponya mgonjwa mwenye dalili hizohizo. Baadaye akaongeza fundisho la pili: dawa ikipunguzwa na kutikiswa, tena na tena, nguvu yake hupanda. Namba za kwenye lebo zinatokana na fundisho hili la pili.

Herufi inaeleza kipimo cha kupunguza, na namba inaeleza kazi hiyo imerudiwa mara ngapi. X, au D kwa bidhaa za Ujerumani, ni sehemu moja kwa kumi. C, au CH, ni sehemu moja kwa mia. M ni elfu ya Kirumi, kwa hiyo 1M ni kupunguza kwa mia mara 1,000. LM ni moja kwa elfu hamsini. Kwa hiyo 30X na 30C si kitu kimoja: 30X ni sawa na 15C. Herufi yenye mtego kuliko zote ni Q. Kwenye chupa nyingi za India, Q ni tinkcha mama, yaani mmea uliolowekwa kwenye spiriti kabla haujapunguzwa hata mara moja. Kwa watengenezaji wengine Q ni jina jingine la LM, yaani kitu kilichopunguzwa kupita kiasi. Herufi moja, ncha mbili zinazopingana.

Sasa tuipime 30C kwa kitu tunachokijua. Chukua kidonge kimoja cha kwinini cha miligramu 300. Ndani yake mna molekuli za kwinini zinazokaribia 5 ikifuatwa na sifuri 20. Kiyeyushe kwenye maji. Chota sehemu moja ya maji hayo, itie kwenye sehemu 99 za maji safi, utikise. Hiyo ni 1C, na tayari umefuta sifuri mbili. Rudia. Ukifika 6C zimebaki molekuli kama milioni 500. Zinasikika nyingi, lakini uzito wake wote haufiki sehemu moja ya bilioni ya miligramu. Ukifika 10C zimebaki kama tano. Ukifika 11C, ungehitaji kurudia kazi nzima mara 20 ili upate molekuli moja. Na lebo inasema 30. Hatua 19 zilizobaki ni kupunguza maji kwa maji. Mwishoni matone ya kimiminika hicho hunyunyizwa juu ya punje za sukari, yakakauka. Kilicho kinywani ni sukari ya kawaida au sukari ya maziwa.

Nilipomweleza shangazi hivyo alinyamaza kidogo, akasema: "Basi ya mia mbili ndiyo tupu zaidi."

Wenye fani hii hawaikatai hesabu hiyo. Wanasema kutikiswa kunaacha alama ndani ya maji, na alama hiyo ndiyo inayotibu. Lakini punje ni kavu. Maji na spiriti vimeshapotea, imebaki harufu tu. Tena, chupa mbili za 30C za mimea tofauti zikibanduliwa lebo, hakuna kipimo cha maabara kitakachokuambia ipi ni ipi.

Hoja yao nzito zaidi ni ya watu: fulani alimeza, homa ikaondoka. Simwiti mtu huyo mwongo. Homa nyingi si malaria, na nyingi huisha zenyewe. Asiyetobolewa kidole kwa kipimo cha haraka kabla ya kumeza hawezi kujua alipona nini. Hapo ndipo hatari ilipo, maana huku kwetu kubahatisha homa ni ghali: utafiti wa kitaifa wa 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchini, karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano akiwa na vimelea. Mwaka 2000 madaktari wa Nice, Ufaransa, waliripoti kisa cha mwanamke aliyetegemea kinga ya homeopathia akiwa Togo. Malaria ilimlaza miezi miwili kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Agosti 2009 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba halipendekezi homeopathia kwa malaria, kifua kikuu, UKIMWI wala kuhara kwa watoto wachanga.

Hata hivyo, "ni sukari tu" si jibu kamili. Chupa zenye namba ndogo zina kitu ndani. Tinkcha mama, 1X au 2X ya mmea wenye sumu bado ina sumu. Na kiwanda kikipima vibaya, namba haikulindi: Januari 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kukuta beladona, mmea wa sumu, kwa viwango visivyolingana na vingine vilivyozidi lebo, katika vidonge vya homeopathia vya watoto wanaoota meno.

Je, tuzipige marufuku? Nadhani hapana. Sheria Namba 23 ya 2002 inaitambua tiba mbadala na imeiundia Baraza lake, na mtu mzima anayetaka kununua punje zake ana haki hiyo. Lakini haki ya kununua inakwenda pamoja na haki ya kujua unachonunua. Kichupa changu kingepaswa kuandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kuliko ile 30C: "Sukari. Gome la kina limepunguzwa kwa mia mara 30, halitarajiwi kubaki. Si kinga wala tiba ya malaria." Na chupa ya namba ndogo itaje uzito wa mmea uliomo, kama parasetamoli inavyotaja wake.

Muuzaji atasema lebo kama hiyo itamfukuzia wateja. Kama ni hivyo, amekiri kwamba walichokuwa wakinunua ni ile namba.